Macho yanawaka mbele ya kompyuta, lakini mbali naona vizuri

*"Habari mtaalamu. Nina miaka 44, ni mhasibu, na kutwa niko mbele ya kompyuta. Ikifika saa tisa alasiri macho yanawaka kama yameingia mchanga na yanatoa machozi. Nikiinua kichwa kutazama saa ya ukutani, naona ukungu kidogo kisha unaondoka. Jioni kichwa kinauma juu ya nyusi. Sijawahi kuvaa miwani, na mbali naona vizuri kuliko watoto wangu. Nilinunua miwani ya kuzuia mwanga wa buluu, ikanisaidia siku mbili basi. Je, skrini inaniharibu macho? Nikianza kuvaa miwani ya pawa, macho hayatakuwa mavivu? Na kama naona vizuri, nipime ya nini?"*

Ondoa hofu kwanza: skrini haijakuharibu macho. Uchovu unaouelezea unasumbua kweli, lakini hauachi kidonda wala kovu ndani ya jicho. Ninachokiona katika maelezo yako ni shida mbili zilizokutana kwa mtu mmoja. Moja iko juu ya jicho, kwenye machozi, na nyingine iko ndani, kwenye msuli unaoiongoza lenzi. Wengi hutibu moja, wakiona nafuu ni nusu tu hukata tamaa na kusema hakuna kinachosaidia.

Tuanze na huo mchanga. Machozi si maji matupu. Utando wa machozi unaolifunika jicho una ute chini, maji katikati, na juu kabisa mafuta kidogo sana. Mafuta hayo hutoka kwenye tezi zilizopangwa ndani ya kope, na matundu yake yako ukingoni, nyuma tu ya nywele za kope. Kila unapopepesa macho ukafunga kope kikamilifu, tezi hizo hubanwa, mafuta kidogo hutoka na kutandazwa juu ya maji ili yasikauke. Mtu anayezungumza na mwenzake hupepesa mara 15 hivi kwa dakika, au zaidi. Mtu huyohuyo akikodolea macho safu za tarakimu, anaweza kushuka hadi mara 5 au 7, na hajui kabisa kwamba ameshuka.

Idadi ni nusu ya tatizo. Nusu nyingine, ambayo naiona kila siku ninapomtazama mteja akisoma, ni kwamba mapepeso mengi ya mbele ya skrini hayafiki mwisho. Kope ya juu inashuka nusu ya njia, inarudi juu. Sehemu ya chini ya konea, yaani ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, inabaki wazi muda mrefu, mafuta hayatoki, maji yanaruka, chumvi iliyobaki inazidi ukali na mishipa ya fahamu ya konea inaanza kulalamika. Hapo ndipo unapohisi mchanga.

Na machozi yanayokutiririka? Hayo ndiyo yanayowapotosha watu: "Macho yangu yamejaa maji, yatakuwaje makavu?" Konea ikiudhika, tezi kubwa ya machozi iliyo juu ya jicho hutoa maji mengi kwa ghafla, kama vile unapokata kitunguu. Maji hayo hayana mafuta ya kutosha, kwa hiyo hayakai juu ya jicho. Yanamwagika shavuni, na dakika chache baadaye unarudi palepale. Jicho linalotoa machozi alasiri mbele ya skrini mara nyingi ni jicho kavu.

Kuna kipimo kidogo unachoweza kujifanyia. Pepesa mara mbili, kisha tazama kitu kimoja bila kupepesa, uhesabu sekunde hadi macho yaanze kuchoma au kuona kuwe na ukungu. Fanya asubuhi kabla ya kazi, rudia saa tisa. Ukishindwa kufika sekunde 10, machozi yako yanakatika haraka. Kipimo hiki hakitoshi kuitwa uchunguzi, lakini tofauti kati ya asubuhi na alasiri itakuambia mengi kuhusu mahali unapokaa na jinsi unavyofanya kazi.

Dawa ya kwanza ya shida hii inahusu meza yako. Ukitazama skrini iliyo juu, kope hufunguka wazi zaidi na eneo la jicho linalopigwa na hewa linaongezeka. Ishushe mpaka ukingo wake wa juu uwe sawa na macho yako au chini yake kidogo, ili katikati ya skrini uitazame kwa kuinamisha macho. Ikae umbali wa sentimita 50 hadi 70 kutoka usoni. Kisha angalia upepo unatoka wapi. Feni au kiyoyozi kinachokupuliza usoni kitashinda tone lolote la dawa utakalotia, kwa hiyo geuza feni, au geuza kiti.

La pili ni kupepesa kwa makusudi. Usijaribu kukumbuka kutwa nzima, hakuna anayeweza. Chagua tukio linalojirudia katika kazi yako, kwa mfano kila unapohifadhi faili au kila unapomaliza ukurasa, na hapo funga macho taratibu, yaache yamefungwa sekunde mbili, yabane kidogo, fungua. Rudia mara tano. Wenzako watadhani unasali, waache.

Jioni, kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya moto ya kiasi, ambayo ngozi ya ndani ya mkono inayavumilia bila shida, kiweke juu ya macho yaliyofungwa kwa dakika 5 hadi 10. Kitapoa haraka, kwa hiyo kiloweshe tena mara mbili tatu. Joto hilo huyayusha mafuta yaliyoganda kwenye tezi. Baada ya hapo sugua kope polepole kwa kidole kuelekea kwenye nywele zake, juu ukishuka, chini ukipanda. Usitarajie tofauti kesho asubuhi. Ipe kazi hiyo wiki tatu nne.

Machozi bandia yanaruhusiwa, na ni mazuri. Kama utayahitaji zaidi ya mara nne kwa siku, tafuta yasiyo na kihifadhi, kwa sababu kihifadhi chenyewe kikizidi huudhi konea. Ila naomba sana uwe makini na aina mbili za dawa. Matone ya kuondoa wekundu hubana mishipa ya damu, jicho likang'aa kwa saa chache, kisha wekundu ukarudi kwa nguvu zaidi. Na matone yenye steroidi, ambayo watu hupeana kwa sababu yalimsaidia fulani, yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho yakitumiwa kiholela. Hayo usiyaguse bila daktari wa macho.

Sasa twende ndani ya jicho, kwenye ule ukungu wa saa ya ukutani na maumivu ya nyusi. Hayo hayatokani na ukavu.

Ili kuona kitu cha karibu, msuli mdogo ulioizunguka lenzi hujikaza, lenzi inanenepa, na nguvu yake inaongezeka. Nguvu hiyo tunaipima kwa daiopta, na hesabu yake ni nyepesi: gawanya 100 kwa umbali wa kitu kwa sentimita. Skrini iliyo sentimita 60 inadai daiopta 1.7 hivi. Karatasi iliyo sentimita 40 inadai 2.5. Simu iliyo sentimita 30 inadai 3.3. Mtoto wa miaka 10 ana akiba ya zaidi ya daiopta 10, ndiyo maana anaweza kubandika kitabu puani. Lakini lenzi hukakamaa kadiri umri unavyosonga, na kwenye miaka 44 wengi wamebaki na 5 hivi, au pungufu. Hilo linampata kila binadamu, mwenye kompyuta na asiye nayo.

Kazi ya karibu hufanyika kwa raha pale unapotumia kama nusu ya akiba yako na kuiacha nusu nyingine. Kwako nusu ni 2.5. Kwa hiyo skrini ya 1.7 ungeiweza bila taabu, na hapo ndipo nikajiuliza kwa nini inakuchosha. Jibu ninalolishuku liko katika sentensi uliyoiandika kama ushahidi kwamba u mzima: mbali unaona vizuri mno.

Kuna macho ambayo ni mafupi kidogo kuliko inavyotakiwa, au konea yake imelala kidogo, kiasi kwamba picha ya kitu cha mbali ingetua nyuma ya retina, yaani utando wa ndani ya jicho unaopokea picha. Kijana mwenye macho hayo hajui, kwa sababu msuli unajikaza na kuivuta picha mahali pake, hata anapotazama mlima. Anasoma ubao wote hadi mstari wa mwisho na kupongezwa. Tuseme upungufu wako ni daiopta 1 tu. Basi kila kitu unachotazama kinaongezewa 1: skrini inadai 2.7, karatasi 3.5, simu 4.3. Angalia ulipofika. Skrini imevuka nusu ya akiba, karatasi imeivuka kwa mbali, na simu unayoisoma kitandani inakula karibu akiba yote. Ulipokuwa na miaka 25 ulikuwa na akiba ya takriban daiopta 11, hukuhisi chochote. Jicho lako huenda halijabadilika umbo kabisa tangu wakati huo. Kilichopungua ni akiba.

Msuli uliokazwa hivyo kwa saa kadhaa haulegei mara moja. Ndiyo maana ukiinua kichwa unaona ukungu, kisha unaondoka: lenzi bado ilikuwa imenenepa kwa ajili ya skrini. Na maumivu ya juu ya nyusi yanayokuja jioni ya siku za kazi, yakapungua siku za mapumziko, yanaendana na mchoko huo. Kama yangekuwepo unapoamka asubuhi, ningefikiria mambo mengine.

Nasisitiza kwamba haya ni makisio ya mtu anayesoma barua. Njia ya kuyahakikisha ni nyepesi. Mpimaji ataweka mbele ya jicho lako lenzi ya +1.00 na kukuambia usome ubao. Mtu asiye na upungufu huo ataona mistari ya chini imefifia. Wewe ukiisoma bado, au ukasema "hii ni nafuu", tumeshapata jibu. Ndiyo maana kusoma ubao peke yake hakutoshi kuitwa kupima macho, na vyeti vingi vinavyosema mtu anaona sawasawa vimetokana na ubao peke yake.

Ikithibitika, miwani ya +1.00 itakurudisha kwenye 1.7 kwa skrini na 2.5 kwa karatasi. Simu itabaki kwenye 3.3, ambayo bado ni nzito, kwa hiyo isogeze hadi sentimita 40. Baada ya miaka michache utahitaji nyongeza ya karibu, na hapo pana mtego. Miwani ya kusomea hupimwa kwa umbali wa sentimita 40; ukiivaa kwenye skrini ya sentimita 65 inaweza kukupa ukungu, ukajikuta unainama mbele. Zile lenzi zinazobadilika nguvu kutoka juu hadi chini zina sehemu ya karibu huko chini, na mtu wa kompyuta huinua kidevu kuitafuta mpaka shingo inauma. Kwa anayekaa mbele ya skrini kutwa, mara nyingi napendekeza miwani ya ofisini iliyotengenezwa kwa umbali wa skrini na meza. Ni miwani ya pili, ni gharama ya ziada, na haifai kuendeshea gari. Wengine wanaona haina haja, hasa wakiwa bado kwenye arobaini za mwanzo kama wewe, na siwalaumu.

Kuhusu uvivu: kwa mtu mzima, miwani haiharakishi wala haicheleweshi kukakamaa kwa lenzi. Lakini najua wasiwasi huo unatoka wapi. Mwenye upungufu uliofichika akivaa miwani wiki kadhaa, msuli unaacha kujikaza kwa mazoea. Akiivua, mbali anaona ukungu ambao hakuuona zamani, naye anasema miwani imemharibia macho. Kilichotokea ni kwamba upungufu uliokuwa umefichwa na msuli umejitokeza. Wakati mwingine hata namba hupandishwa kidogo baada ya miezi kadhaa kwa sababu hiyohiyo. Nakuambia mapema ili ikitokea usishtuke.

Miwani yako ya mwanga wa buluu sitaisema sana. Mwaka 2023 mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua kwa pamoja tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 17 ya lenzi hizo, na hayakuona dalili kwamba zinapunguza uchovu wa macho wa kompyuta kwa muda mfupi ukilinganisha na lenzi za kawaida. Buluu inayotoka kwenye skrini ni ndogo mno ukiilinganisha na ya mchana wa nje. Kama unapenda fremu yake, omba iwekewe lenzi za pawa yako. Mwanga mkali wa skrini usiku unaweza kuchelewesha usingizi, hilo ni kweli, na dawa yake ni kupunguza mwangaza au kuiweka simu chini.

Mapumziko je? Umeshasikia kanuni ya 20-20-20: kila dakika 20, tazama kitu kilicho futi 20, yaani mita 6 hivi, kwa sekunde 20. Tarakimu hizo zimechaguliwa ili zikumbukike, kwa hiyo usijihukumu ukifika dakika 30. Cha maana ni umbali. Ukiacha kompyuta ukashika simu, msuli haujapumzika, umeuongezea mzigo. Tazama nje ya dirisha.

Umeuliza upime ya nini. Sababu ya kwanza nimeshaieleza. Ya pili ni nzito zaidi na haina uhusiano na skrini: kuna magonjwa yanayokula uwezo wa kuona kimyakimya. Glakoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, huanza kwa kuua pembe za uwanja wa kuona, na kwa kuwa jicho moja huliziba pengo la jingine, mtu anaweza kupoteza sehemu kubwa kabla hajagundua. Kilichopotea hakirudi. Presha ya jicho ya kawaida iko kati ya milimita 10 na 21 za zebaki, lakini wapo wenye glakoma na presha yao iko humohumo, kwa hiyo usiridhike na kipimo cha presha peke yake. Hakikisha anayekupima anatazama pia mshipa huo wa fahamu, ikibidi kwa kutia matone ya kupanua mboni. Matone hayo yatakuachia ukungu wa karibu na kero ya mwanga kwa saa kadhaa, basi usiende ukiwa unaendesha gari. Kuanzia miaka 40, kila miaka miwili ni utaratibu mzuri. Ukiwa na kisukari, au mzazi au ndugu wa damu mwenye glakoma, fanya kila mwaka. Watu wenye asili ya Afrika hupata glakoma zaidi na mapema zaidi, kwa hiyo nao wasingoje uzee.

Yapo ambayo hayasubiri miadi. Ukiona ghafla vimulimuli, vidoa vyeusi vingi vinavyoelea, au kivuli kama pazia kinachoingia kutoka upande mmoja, nenda hospitali yenye daktari wa macho siku hiyohiyo. Retina inaweza kuwa inaachia. Vivyo hivyo jicho jekundu lenye maumivu makali na kuona duara za rangi kwenye taa, hasa ukitapika, au kuona viwiliviwili kulikoanza ghafla, au jicho moja kuzima hata kama limerudi baada ya dakika chache. Dalili zako wewe ziko macho yote mawili, zinakuja na kazi na kuondoka na mapumziko, ndiyo maana nakujibu kwa utulivu.

Jambo moja nusura nilipite. Umesema unaona mbali kuliko watoto wako. Mtoto mwenye macho mazima hapaswi kushindwa na mzazi wa miaka 44 kusoma kibao cha mbali. Yawezekana wameanza kuona karibu tu, na hilo kwa mtoto huongezeka kadiri jicho linavyorefuka. Wapime kabla yako, na waruhusu wacheze nje mchana kwa muda wa angalau saa mbili kila siku. Kwa watoto, muda wa nje unasaidia kuchelewesha tatizo hilo kuanza.

Ukienda kupima, usiende jioni baada ya kazi, nenda asubuhi msuli ukiwa haujachoka. Kabla ya hapo kaa kwenye kiti chako kama kawaida, umwombe mwenzako apime kwa futi kamba kutoka jicho lako hadi kwenye skrini, hadi kwenye karatasi na hadi kwenye simu. Andika tarakimu hizo tatu, taja dawa zote unazomeza, hata za mzio, kwani baadhi yake hukausha macho, na umwambie mpimaji wazi kwamba unataka ajaribu lenzi za kuongeza hata kama umesoma ubao wote.